Kwa nini unaangukia kushoto kila mara: kutembea usiku kwa ramani na dira bila GPS

"Mkuu, nasikia askari wanatembea usiku porini bila GPS na wanafika pointi yao vizuri tu. Mimi nina ramani ya 1:50,000 na dira nzuri, lakini nikitembea kama kilomita 4 naikosa pointi kwa mita 400 hivi, na karibu kila mara naangukia kushoto. Ramani inasema kaskazini ya dira iko nyuzi 3 magharibi ya gridi, hizo 3 huwa nazitoa. Wenzetu wanafanya nini ambacho mimi sifanyi? Na ukishapotea usiku unafanyaje?"

Ndugu yangu, hapo kwenye "huwa nazitoa" ndo tatizo lako la kwanza lilipo. Ulitakiwa kuongeza. Nimefundisha vijana usomaji wa ramani jeshini kwa miaka mingi na nakuhakikishia hili kosa wanalifanya hata watu wazima wenye vyeo, tena mara nyingi wakiwa wamechoka, kwa hiyo usijisikie vibaya.

Chukua karatasi uchore sasa hivi. Piga mstari wima, huo ni mstari wa gridi wa ramani unaopanda kaskazini. Halafu kutoka chini palepale piga mwingine ulioinamia kushoto kidogo, huo ndo sindano ya dira yako maana umesema iko magharibi. Sasa piga wa tatu unaokwenda kulia, hiyo ndo njia yako. Nyuzi tunazihesabu kwa kuzunguka kama mshale wa saa, na dira yako imeanza kuhesabu sifuri mapema zaidi, kutoka kule kushoto, kwa hiyo njia ileile moja kwenye dira inasomeka namba kubwa kuliko kwenye ramani. Kama ramani imekupa 65, dira inatakiwa isome 68. Wewe umetoa, ukaweka 62 kwenye dira, ambayo ardhini ni 59 ya gridi. Umekosea nyuzi 6 nzima, sio 3. Na nyuzi moja inakupeleka pembeni kama mita 17 na nusu kwa kila kilomita, so kwenye kilomita 4 na kitu unapata mita 440 kushoto. Ndo hizo mita zako 400. Kungekuwa ni kuyumba tu kwa miguu ungeangukia mara kushoto mara kulia. Kosa linalorudi upande uleule kila siku chanzo chake ni hesabu au kifaa, na ukiliona hivyo usianze kulaumu miguu yako.

Angalia pia pembeni mwa ramani imechapishwa mwaka gani. Ile tofauti ya dira na gridi haikai palepale, inabadilika kila mwaka kidogo kidogo, na ramani nyingi zinaandika inabadilika dakika ngapi kwa mwaka. Tuseme zimeandikwa dakika 5 na ramani ina miaka 20, hapo ni dakika 100, yaani nyuzi moja na dakika 40, na hiyo sio ya kupuuza.

Lakini hata ukirekebisha hesabu, bado nisingekuruhusu utembee hivyo unavyotembea. Nahisi unachofanya ni kuweka rula kutoka unapoanzia mpaka unapokwenda, unapata namba moja, unaifuata kilomita 4 zote. Askari hafanyi hivyo usiku kwenye ardhi asiyoijua. Mtu aliyefundishwa vizuri anayetembea kwa dira usiku, na mzigo mgongoni, anakwepa miti na mashimo, tunampangia kuwa atakosea mpaka nyuzi 4 hivi. Hatumwambii asikosee, tunapanga njia ili akikosea hizo 4 bado afike. Hiyo ndo kazi, na inafanyika mchana, mezani, kabla mtu hajainua mguu. Nyuzi 4 kwa kilomita 4.2 ni karibu mita 300 pembeni, na usiku wa giza unaona mita 10 tu mbele yako. Huwezi kuipata pointi.

Ngoja nikupitishe kwenye njia moja mwanzo mpaka mwisho, niliyoitengeneza inayofanana na safari yako. Ramani ni ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita moja, kila mraba wa gridi ni kilomita moja kwa moja, na kontua, yaani mistari ya urefu wa ardhi, zinapishana mita 20. Unaanzia kwenye daraja dogo la gridi 342715. Namba tatu za kwanza zinakwenda kulia (mstari wa 34 na sehemu 2 za kumi za mraba), tatu za mwisho zinapanda juu (mstari wa 71 na sehemu 5), kila mara kulia kwanza ndo unapanda juu. Unakwenda 380733, ambapo kijito kidogo kinaingia kwenye mto. Kwa rula ni sentimita 8.4, yaani kilomita 4.2, uelekeo 65 wa gridi.

Sasa usitazame rula tena, tazama ardhi iliyoko katikati. Kuna mkondo unaopita chini ya lile daraja ukitokea kaskazini mashariki. Baada ya kilomita moja hivi kijito kidogo kinauingia kutoka kulia, pale 350721. Mbele ya hapo kuna kilima kirefu kinachokatiza safari yako, kina vilele viwili na katikati yake kuna shingo, yaani sehemu iliyobonyea, kwenye 366726. Ng'ambo ya kilima ardhi inashuka mpaka kwenye mto unaotoka kaskazini kwenda kusini, na ndo mto wenye pointi yetu. Hivyo vitu vitatu, mkondo, shingo, na mto, ndo njia yako. Ule mstari wa 65 usahau kabisa.

Kipande cha kwanza hutumii dira karibu kabisa. Unashuka darajani, unakaa upande wa kulia wa mkondo ukitazama yanakotoka maji, na unaufuata. Mkondo ni kama kamba ya kushika gizani, huwezi kuipoteza maana unaisikia. Nimesema upande wa kulia kwa makusudi, kwa sababu kile kijito unachokisubiri kinaingia kutoka kulia, kwa hiyo huwezi kukipita bila kukikanyaga. Ungekaa kushoto ungeweza kupita mdomo wake gizani bila kuuona na usijue. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita moja, lakini mkondo unapinda, so tegemea kutembea kama mita 1,200.

Hapo kuna mtego. Ramani yenye kontua za mita 20 haikuonyeshi kila kitu, korongo la mita 12 linaweza kukaa katikati ya kontua mbili na lisichorwe kabisa. Unakuta baada ya mita 700 umekanyaga kijito kutoka kulia, unafurahi, unageuka, na umeshapotea tayari. Kwa hiyo usikubali pointi kwa sababu moja tu. Umbali ulikuwa 1,200, umetembea 700, hiyo hailingani. Halafu simama mdomoni mwa kijito, elekeza dira kule kinakotoka. Ramani inasema kijito cha kweli kinatokea uelekeo wa 130, ongeza 3, dira isome 133 hivi. Ikisoma 90 hicho sio chenyewe, endelea. Umbali na uelekeo vikikubaliana ndo unasema nimefika.

Kuhusu umbali, najua utauliza unajuaje mita 1,200 gizani. Unahesabu mguu wa kushoto tu kila unapogusa chini. Kabla ya siku ya safari pima mita 100 sehemu tambarare, tembea kawaida na mzigo utakaobeba, uone kushoto imegusa mara ngapi. Watu wengi wanakuwa kwenye 60 na kitu. Halafu rudia usiku, rudia kwenye mlima, rudia kwenye vichaka, maana hatua inafupika sana. Mimi tambarare nina 64, usiku nikipanda mlima nakwenda mpaka 78. Mtu anayetumia namba yake ya mchana kwenye mlima wa usiku anajiona ameshafika wakati bado yuko mbali, anaanza kutafuta pointi mahali ambapo haipo. Kila mita 100 unavuta shanga moja kwenye kamba au unahamisha kijiwe kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Usiweke kichwani. Mtu akikuuliza swali, au mkilala chini ghafla kwa sababu kuna sauti, hesabu inapotea hapohapo. Kwenye doria tunaweka wahesabuji wawili ambao hawaongei, na tunalinganisha namba zao tukisimama.

Kipande cha pili ndo chenye dira ya kweli. Kutoka mdomo wa kijito 350721 mpaka shingo 366726 ni mita 1,680, uelekeo wa gridi 73, kwa hiyo dira 76. Kupanda ni kontua nne, mita 80. Kama dira yako ni ile ya kijeshi yenye lenzi na pete inayolia klik, kila klik ni nyuzi 3. Usiku hutakiwi kuwasha tochi kusoma namba. Unalinganisha ule mstari unaong'aa wa kwenye kioo na ule mstari mweusi usiosogea, halafu unazungusha pete kwenda kushoto idadi ya klik. 76 haigawanyiki kwa 3, so unachukua 75, klik 25, na ile nyuzi moja uliyoiacha ni mita 30 tu mwisho wa kipande, tunaibeba. Baada ya hapo unageuka mwili mzima mpaka mshale wa kaskazini ukae chini ya mstari unaong'aa, na mbele yako ndo njia.

Usitembee ukiitazama dira. Hili nalisema kila mara. Ukitembea macho yako kwenye dira unateleza pembeni bila kujua, kila unapozunguka mti unarudi kwenye namba ileile lakini sio kwenye mstari uleule, unakuwa umehamia sambamba. Chagua kitu mbele, mti mweusi unaoonekana dhidi ya anga, mwamba, nenda mpaka kwenye hicho kitu, kisha chagua kingine. Kama giza ni la kutoona kitu, mtume mwenzako mbele mpaka mwisho wa kumuona, akiwa na kipande kinachong'aa nyuma ya kofia, unamsogeza kulia kushoto mpaka akae kwenye mstari, unamfuata, anakwenda tena. Ni polepole, inachosha, lakini mistari inanyooka. Na usidhani unaweza kunyooka kwa hisia tu. Kuna utafiti ulifanyika 2009 msituni na jangwani Sahara, watu waliambiwa watembee wanyooke, na jua au mwezi vilipojificha walianza kuzunguka na kukatiza njia zao wenyewe huku wakiamini wamenyooka.

Ukikuta kichaka kizito au tope huwezi kupita, usizunguke kwa kukadiria. Geuka kulia nyuzi 90 kamili kwa dira, hesabu, tuseme hatua 60 za kushoto, halafu geuka kushoto 90 urudi kwenye uelekeo wako mpaka umalize kizuizi, kisha kushoto 90 tena hatua 60 zilezile, halafu kulia 90 na safari inaendelea. Kwenye hesabu ya umbali unaweka kile kipande cha katikati tu. Zile 60 za kwenda na za kurudi usiziweke, watu wengi huwa wanaziweka na wanaona wamefika mapema.

Sasa shingo. Hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwa sababu unaisoma kwa miguu. Kontua zinakuambia utapanda mfululizo, halafu mguu utaacha kupanda, utakuwa kama umesimama sakafuni, mbele kunaanza kushuka, na kulia na kushoto kwako ardhi inainuka. Hakuna mahali pengine kwenye ile njia penye hali hiyo. Kwa kupanda usiku nategemea hatua 78 kwa mita 100, kwa hiyo shingo itakuja karibu na hatua 1,310. Muda nao ni shahidi wa tatu. Mchana kwenye njia nzuri tunakadiria kilomita 5 kwa saa na kuongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda, usiku vichakani nachukua kilomita 2 kwa saa, kwa hiyo hapa ni dakika 50 na dakika 8 za mlima, tuseme saa nzima.

Tuseme umefika hatua 1,350 na bado unapanda. Simama. Ardhi inainuka upande gani? Kama inainuka kushoto na kushuka kulia, uko kwenye ubavu wa kilele cha kushoto, umeyumba kwenda kushoto, shingo iko kulia kwako na chini. Kama inainuka kulia, ni kinyume chake. Ukitaka uhakika, geuka utazame moja kwa moja chini ya mteremko, pale ambapo maji yangemwagika, pima kwa dira, toa 3 kurudi kwenye gridi, kisha tafuta kwenye ramani sehemu gani ya kilima inateremkia upande huo. Mteremko unaotazama kusini magharibi na mteremko unaotazama kaskazini magharibi haziwezi kuwa sehemu moja. Hii mbinu inafanya kazi kwenye ukungu na kwenye giza kabisa, haihitaji kuona kitu chochote cha mbali, na kwa maoni yangu inafundishwa kidogo mno.

Kipande cha tatu nataka ukitazame kwa makini maana ndipo unapokosea zaidi. Kutoka shingo mpaka makutano ya mto ni gridi 63, dira 66. Ukiweka 66 utaufikia mto, na hutaona makutano, halafu hujui kama yako kulia au kushoto kwako. Hapo mtu anakwenda mita 200 kushoto, anarudi, anakwenda kulia, anachanganyikiwa. Kwa hiyo unakosea kwa makusudi. Unaweka dira 60 badala ya 66, klik 20 kamili, unalenga mto kama mita 200 juu ya makutano, yaani kushoto kwake. Ukiukuta mto unageuka kulia bila kuuliza, unafuata maji yanakoshuka ukiwa ukingo wako uleule. Kijito chetu kidogo kinaingia mtoni kikitokea upande wetu, kwa hiyo mguu utakikanyaga tu.

Piga hesabu uone kwa nini nimechagua nyuzi 6. Nimesema tunaruhusu kosa la nyuzi 4. Ukiyumba 4 kulia utaufikia mto mita 75 juu ya makutano, bado uko upande sahihi. Ukiyumba 4 kushoto utaufikia mita 355 juu, utatembea kidogo zaidi, basi. Ungelenga kwa nyuzi 3 tu ungeweza kuangukia chini ya makutano huku unaamini uko juu, na ungegeuka kulia ukatembea mpaka asubuhi. Mto wenyewe unatakiwa kuukuta baada ya mita 1,670 hivi, hata ukiyumba haizidi 1,760. Kama umepita 1,900 bila mto, simama, angalia kama hujavuka mkondo mkavu bila kujali, maana mto uliochorwa bluu kwenye ramani unaweza kuwa mchanga mtupu msimu wa kiangazi. Na ukikanyaga kijito kidogo kabla ya mto, umeyumba sana kulia, lakini hicho ndo kijito chetu chenyewe, kifuate kinakoshuka kitakupeleka kwenye pointi. Ndo maana ya kupanga mchana, makosa yote mawili yameshawekewa njia ya kurudi.

Kuhusu kifaa chenyewe. Usiku mmoja kwenye mazoezi tuliongoza doria nikiwa mimi ndo mshika dira, bado kijana, na bunduki nilikuwa nimeining'iniza kifuani. Dira niliishika juu yake tu, mkono umechoka. Tulitembea kilomita moja na nusu tukakuta ardhi inashuka wakati ramani inasema tupande. Sajini wetu hakunigombeza, alichukua dira yake, akasogea hatua tano pembeni, akaniambia niseme namba ninayoiona na yeye akasema yake. Tulipishana nyuzi 9. Chuma cha bunduki kilikuwa kimevuta sindano njia nzima. Tangu siku hiyo bunduki naisogeza mgongoni kabla ya kufungua dira, angalau nusu mita. Gari au kifaru ni mita 18, waya wa miba au wa simu mita 10, nyaya za umeme mkubwa mita 55. Simu ya mkononi ni mbaya zaidi, ina sumaku ndani na vifuko vyake vingine vina sumaku pia, ukiiweka mfuko mmoja na dira inaweza kuigeuza kabisa, sindano ikaonyesha kusini badala ya kaskazini. Kabla hujatoka, linganisha dira yako na dira mbili nyingine, na usiku ukihisi kitu hakiko sawa, sogea hatua kumi upime tena. Namba ikibadilika, kuna chuma. Hata waliovuka jangwa la Libya kwa magari kwenye vita ya pili ya dunia, kile kikosi cha doria za masafa marefu kilichoundwa Misri 1940, dira ya sumaku ndani ya gari haikuwafaa kwa sababu ya chuma, wakawa wanatumia dira ya jua, kivuli cha kijiti kinachoangukia kwenye sahani yenye nyuzi.

Kitu kidogo lakini kimewaponza wengi: tochi nyekundu. Inalinda macho yasipoteze uwezo wa kuona gizani, ni kweli, ila kontua kwenye ramani nyingi zimechapishwa kwa rangi ya kahawia, na chini ya mwanga mwekundu zinapotea kabisa. Unaangalia ramani unaona kama tambarare. Kwa hiyo kariri njia mchana, au andika kwenye karatasi ndogo kila kipande uelekeo wa dira, umbali, kupanda au kushuka, na kitu kitakachokuambia umefika. Ramani yenyewe usiichore njia, jeshini ni mwiko kwa sababu ikianguka kwa adui umempa safari yako yote, na wewe ukichora utajizoesha kutazama mstari badala ya ardhi.

Sasa ukipotea usiku. Dalili ya kwanza sio hofu, ni kuanza kujitetea. "Labda hiki kijito hakikuchorwa", "labda ramani ni ya zamani", "labda shingo ni hii hapa". Ukijisikia unasema labda mara mbili mfululizo, simama palepale. Jiulize pointi ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo ni ipi, tuseme mdomo wa kijito. Tangu hapo umetembea hatua ngapi, tuseme 1,500 za mlima, kama mita 1,900, kwa uelekeo wa 76. Chora kichwani duara kuzunguka pale ulipotakiwa kuwa, upana wake moja ya kumi ya umbali uliotembea, hapa mita 190 kila upande. Uko ndani ya hilo duara karibu kwa hakika, hauko kilomita tatu huko. Kisha soma mteremko kama nilivyokueleza, sikiliza maji, na uondoe kila sehemu ya duara isiyolingana. Mara nyingi inabaki sehemu moja au mbili tu. Kama bado hazijatengana, rudi. Uelekeo wa kurudi ni 76 ongeza 180, yaani 256, unarudi mpaka mkondoni, na mkondo unakatiza njia yako ya kurudi kwa hiyo utaukuta tu. Ile mbinu ya kupima vilele viwili vya mbali na kuchora mistari ikatane ulipo ni nzuri sana, ila ni ya mchana na anga safi, na vilele lazima uwe umevitambua kwa uhakika, ukikosea jina la kilele kimoja unapata jibu lenye sura nzuri lakini la uongo. Usiitegemee usiku.

Kwa wiki hii fanya mawili tu. Pima hatua zako mita 100 mchana na usiku, na rudia njia yako ileile ya kilomita 4 ukiongeza 3 badala ya kutoa. Ukiangukia bado kushoto kwa mita 200 au zaidi, niandikie ulichokuwa umebeba kifuani na mfukoni.